Nilizichukua kwa Mama Amoit

Juzi niliingia duka kubwa kununua ndoo. Ndoo tu, ya kuoshea nguo. Nikapita kwenye rafu ya mabeseni mapya, yale yaliyopangwa moja ndani ya lingine, na ile harufu ikanishika puani nikashindwa kuendelea. Mtu mzima, na mkoba wangu begani, nimesimama katikati ya watu nanusa plastiki. Mhudumu mmoja akaniuliza, "Madam, unatafuta nini?" Nikamwambia naangalia rangi. Rangi gani, jameni! Nilikuwa Malaba, nina miaka kumi na moja, nimekaa juu ya mtungi uliogeuzwa, na daftari liko mapajani.

Duka letu lilikuwa la vyombo vya plastiki. Mabeseni, ndoo, mitungi, majagi, sahani za watoto, vile viti vya kukalia ukiosha vyombo. Lilikuwa mlango mmoja, kwenye safu ya maduka inayotazama barabara ya malori. Malori yalikuwa yanasimama pale tangu asubuhi mpaka kesho yake yakingoja kuvuka kwenda Uganda, na madereva walishuka kununua jagi la maji au beseni la kuogea. Jua likipiga, plastiki ilitoa harufu hiyo mpaka kichwa kinauma. Mimi niliipenda. Ilikuwa harufu ya kuwa na kitu, ya kuwa watu wa duka.

Mama ndiye aliyeuza. Baba alikuwa na kazi yake kule kwenye ofisi za mpaka, kazi ya kuwapitishia watu mizigo. Mwenye lori alimpa Baba karatasi na pesa ya ushuru, Baba akajaza fomu, akalipa, akakimbiakimbia na mihuri, na lori likapita. Alivaa shati jeupe kila siku. Watu walimwita bosi, na mimi nilitembea kifua mbele kwa sababu ya hilo neno.

Sasa, pesa za duka. Mlangoni palikuwa na namba ya simu imeandikwa kwa rangi ya bluu, kubwa, ya kulipia. Namba ilikuwa ya Baba. Laini ilisajiliwa kwa kitambulisho chake, simu ilikaa mfukoni mwake, na namba ya siri ilikaa kichwani mwake. Mteja akinunua alituma pesa, akamwonyesha Mama ujumbe, Mama akasoma jina na kiasi, kisha mimi nikaandika. Aliyelipa taslimu, pesa yake iliingia kwenye kopo la majani chai, na hiyo pia nikaandika. Jioni Baba alikuja, akafungua daftari langu, akafungua simu, akamwaga kopo mezani, akalinganisha. Kopo alienda nalo. Jumapili baada ya kanisa alimhesabia Mama pesa ya mzigo wa Jumatatu, na kodi ya duka, chakula, karo, vyote alilipa yeye mwenyewe kutoka kwenye simu yake. Mama akitaka pesa ya mafuta ya kujipaka aliomba.

"Huyu ndiye karani wangu," Baba alikuwa anasema, akinishika kichwa. "Pesa ya duka ni ya sisi sote. Mtu akitoa moja bila kuandika, ametuibia sisi sote. Sawa, karani?"

"Sawa, Baba."

Niliamini kwamba pesa zinakaa ndani ya ile simu zikiongezeka. Sikuwahi kufikiria kwamba zinaweza kutoka. Nilikuwa naiangalia ikiwa juu ya meza tunapokula, simu ndogo tu yenye mkwaruzo, nikijua moyoni kwamba sisi ni matajiri na Baba anangoja siku nzuri ya kutuambia.

Halafu Jumapili moja akamhesabia Mama nusu ya pesa ya mzigo. Jumapili iliyofuata, chini ya nusu.

"Biashara imelala, mama watoto," alisema. "Sio wewe. Ni wakati."

"Imelala aje na nimeuza? Tumebaki na ngapi kwenye simu?"

"Kwani unakula ngapi?"

Rafu zikaanza kuonyesha mbao. Nilimwona akigeuza beseni moja moja kuziba pengo, akiyapanga kwa upana ili duka lionekane limejaa. Siku moja alinichukua, na mdogo wangu akiwa mgongoni, tukaenda kwa dada wa duka la huduma za simu. Mama aliongea kwa sauti ya chini. Alitaka orodha ya pesa zilizoingia na kutoka kwenye ile namba.

"Laini ni yako, mama?"

"Ni ya mzee wangu. Lakini duka ni langu."

"Hapo siwezi kukusaidia. Aje mwenyewe na kitambulisho."

Tulirudi dukani. Mimi nilikuwa na hasira na Mama. Kwa nini anamchunguza Baba? Kwa akili yangu ya wakati ule, anayeuliza ndiye mwenye kosa.

Nikaanza kumlinda Baba. Nasema hivi na uso unaniwaka hata sasa. Mama alianza kunitumatuma: kalete maji, kaniletee chumvi, kamwangalie mtoto kama amelala. Nikirudi kuna kitu kimeondoka kwenye rafu. Nilihesabu vyombo asubuhi kabla ya shule na jioni nikitoka, kimya kimya, kwa macho. Mabeseni kumi, yamebaki manne, na daftari linasema yameuzwa matatu. Mimi, mtoto wa darasa la tano, nilipiga hesabu hiyo nikaona matatu hayana maelezo, na badala ya kumwuliza mama yangu nikajisikia hodari.

Kisha ikaja siku ya kwenda kwa Mama Amoit. Mama Amoit alikuwa mmoja wa wale wa kubadilisha pesa, mama mnene wa Kiteso, alikaa karibu kabisa na lango la mpaka chini ya mwavuli, na mkoba wake umefungwa kiunoni chini ya leso. Shilingi za Kenya huku, za Uganda huku, vidole vinakimbia. Mama alifungua fundo kwenye kona ya leso yake akampa noti zilizokunjwa ndogo ndogo. Mama Amoit akazihesabu, akazibadilisha kuwa za Uganda, na kumbe hakumrudishia. Akazifunga kwa mpira, akaandika kwenye kijitabu, akazirudisha mkobani mwake.

"Hizi za kwetu akiziona nyumbani atauliza zimetoka wapi," Mama alimwambia. "Hapa kwako zimelala salama, na zikiwa za Uganda sitashawishika kuzitumia. Na nikishindwa kuja, nitamtuma huyu. Usimpe mtu mwingine yeyote. Huyu peke yake."

Mama Amoit akaniangalia vizuri, usoni, kama anayenisoma. "Nimemshika," akasema.

Njiani Mama alinishika mkono na kunibana kidogo. "Hii ni yetu mimi na wewe. Umesikia? Hata Baba bado. Nitamwambia mwenyewe ikifika."

Angeniambia ni za nini. Hilo ndilo ninalomlaumia, na nimechoka kumlaumu, kwa sababu ungemwambia nini mtoto anayejivunia ukarani kwa baba yake? Alinipa siri bila kunipa sababu yake, nikalazimika kuitafuta mwenyewe. Na sababu niliipata haraka sana. Darasani kulikuwa na msichana ambaye mama yake alivuka kwenda Uganda na begi moja, akasema anaenda kuona mgonjwa, na hakurudi. Tulikuwa tunamwangalia yule msichana akila peke yake. Mama yangu alikuwa anaweka pesa za Uganda. Usiku mmoja nilimsikia kwenye simu na dada yake aliyeolewa Tororo, kule Uganda, akisema, "Nikimaliza hii, nitapumua. Usimwambie mtu." Ungekuwa mimi ungefikiri nini? Nililala nimemshika nguo, naye akadhani ninaumwa.

Sikumwambia Baba kwa ubaya. Nilimwambia kwa woga. Nilimngoja siku moja nje ya ofisi za mpaka, nikiwa bado na sare ya shule. Alikuwa amekaa juu ya kizingiti peke yake, shati jeupe lina jasho, simu iko mkononi na hapigi mtu. Nikamwambia yote: mabeseni matatu, Mama Amoit, Tororo, begi. Begi halikuwepo lakini nililiongeza.

Nilitegemea akasirike. Aliniuliza tu, "Ngapi?"

"Sijui. Nyingi. Mpira umezunguka mara mbili."

Kisha akaongea nami polepole, kwa upole ambao sikuwa nimeusikia siku nyingi. "Sikiliza, karani wangu. Hizo pesa zikikaa kwangu, Mama hawezi kwenda popote. Umeelewa? Tutakuwa tumemsaidia."

Nilielewa. Ilikuwa sawa kabisa kwa akili yangu: bila pesa mtu havuki. Baba alibaki nyuma ya lori moja la saruji, nami nikaenda mpaka chini ya ule mwavuli. Kulikuwa na wateja wawili. Nikangoja zamu yangu.

"Mama yako amekutuma?" Mama Amoit aliniuliza.

"Ndiyo."

"Yuko wapi?"

"Ni mgonjwa."

Akanitazama. Akafungua kijitabu, akaniambia kiasi kwa sauti ili tusikie sote wawili, laki tatu na nusu za Uganda, akanifungia kwenye gazeti. "Pitia barabarani, usipite vichochoroni. Mwambie pole." Alimtumia pole mgonjwa wa uongo! Nikaenda na lile gazeti kifuani mpaka nyuma ya lori, Baba akalifungua, akaingiza noti mfukoni, akanipa sarafu ya shilingi ishirini. Nikanunua mandazi mawili, nikala moja. La pili nilimpelekea Mama, naye akasema asante, mtoto mzuri.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi asubuhi Mama aliamka mapema, akavaa gauni lake la kanisa, akatoka mbio. Alikuwa anaimba. Nilibaki dukani na mdogo wangu. Aliporudi alikuwa anatembea polepole sana, na leso imeshuka begani hakuipandisha. Alisimama mlangoni.

"Ulienda kwa Mama Amoit?"

Hapo ningesema. Kulikuwa na nafasi hapo. Hakuwa na fimbo, hakuwa amepaza sauti, na mtoto wa miaka kumi na moja anajua kabisa kusema ndiyo.

"Sio mimi," nikasema.

"Sio wewe."

"Sio mimi, Mama."

Aliniangalia mpaka nikaangalia chini. "Sawa," akasema. Akaingia ndani akaanza kupangusa vyombo kwa kitambaa, kimoja kimoja, hata vile vilivyokuwa safi tayari.

Kabla ya saa sita mwenye nyumba akaja, mzee mmoja mpole, na kijana wake akiwa na kufuli jipya. Nilikuwa pale, nimesikia kila neno. Alisema kodi ya miezi mitatu haijalipwa. Alisema alikuwa afunge zamani, ila mama huyu alimfuata nyumbani akamwomba, akamwahidi elfu kumi na mbili zote kwa pamoja siku ya leo, na akamwomba asimwambie mzee wake ili asiaibike mbele ya watu. "Nimengoja mpaka leo kwa heshima yako, mama. Nipe hata nusu."

"Sina," Mama akasema. "Nilikuwa nazo."

Mzee akatikisa kichwa. Tukatolewa nje, kijana akafunga mlango, akaweka kufuli lake juu ya kufuli letu, na vyombo vikabaki ndani mpaka kodi ilipwe. Majirani walitoka kutazama. Mimi nilikuwa nimeshika daftari. Wakati ule ndipo nilipoelewa, sio yote, lakini ya kutosha. Hakukuwa na begi. Hakuwa anaenda popote, maskini. Alikuwa ananunua nafasi ya kubaki.

Yaliyobaki tuliyajua jioni hiyo hiyo, kwa sababu mwenye mzigo mmoja alikuja kutuvamia nyumbani akipiga kelele kwamba lori lake limelala mpakani wiki nyingi, na kila siku anatozwa pesa ya maegesho, na ushuru alishampa Baba mkononi. Baba hakubisha. Alikaa kitini akaanza kueleza kama mtu anayetapika. Alikuwa amepata nafasi ya kununua mahindi ya Uganda kwa bei ya chini, akauze sokoni Bumala mara moja, arudishe pesa ya mteja kabla haijaulizwa. Siku tatu tu, alisema. Foleni ya malori ikakwama, mvua ikanyesha, mahindi yakapata unyevu ndani ya turubai yakaota ukungu, na hakuna aliyeyataka. Kuziba lile shimo akakopa kwenye simu. Kulipa huo mkopo akakopa mwingine, na mwingine, wakopeshaji wanne tofauti, kila mmoja na riba yake na siku yake. Kila mteja aliyetuma pesa ya beseni kwenye ile namba ya bluu alikuwa anamlipia Baba mkopo. Kodi aliiacha kwanza kwa sababu mwenye nyumba hakuwa na kelele. Na za Mama Amoit je? Zilikwenda Alhamisi ile ile kwa mkopeshaji aliyekuwa anamtishia, zikaisha siku hiyo hiyo.

"Miezi mitatu," Mama alisema. "Miezi mitatu unaniambia biashara imelala, na mimi nalala nikifikiri sijui kuuza."

"Nilitaka nirudishe kabla hujajua."

"Na mimi nilitaka nilipe kabla hujajua."

Nilikuwa nimekaa kati yao kwenye mkeka, na hakuna kati yao aliyenitaja. Baba hakusema alinituma. Mama hakusema anajua. Nilijua tu kwamba kila mmoja ana yake na mimi nina yangu, na chumba chenyewe ni kidogo.

Vyombo viliuzwa kulipa kodi. Baba alibaki Malaba kwenye chumba cha kupanga akimlipa yule mtu kidogo kidogo, na sisi tukaenda kijijini Marachi, nyumbani kwa wazazi wa Baba, Mama akashika jembe. Miaka ilipita hivyo. Hakunichapa, hakunitukana, alinilisha, alinisomesha kwa mihogo na kunde mpaka nikamaliza. Mtu wa nje angesema huyu ana mama mzuri, na ni kweli. Lakini toka siku ile hakunituma tena na pesa, hata ya chumvi. Alimwita mtoto wa jirani. Nilikuwa nimekaa pale, miguu ninayo, na anapaza sauti kupita ua amwite mtoto wa watu. Nikiingia jikoni akiwa anaongea na shangazi, maneno yaligeuka kuwa ya mvua. Nikamwuliza siku moja kama amechoka, akasema hapana; kama anaumwa, hapana; kama kuna shida, shida gani tena? Nilikua katika nyumba moja naye kama mgeni anayeheshimiwa.

Mwaka huu binamu yangu alinipigia. Katikati ya habari za shamba akasema, "Na mama sasa anaendeleaje na kile kidonda cha upasuaji?" Nikamwuliza upasuaji gani. Akasema, "Ai. Hakukuambia?"

Nilisafiri kesho yake. Nilimkuta amekaa nje anachambua maharagwe, amekonda, akafurahi kuniona, akataka kuamka anipikie. Nikamkalisha. Baba alikuwa ameenda sokoni, ni mzee sasa, amerudi nyumbani zamani. Nikamwuliza mbona hakuniambia. Ninatuma pesa kila mwezi, nina simu, nina gari la kupanda, ningekuja.

Akacheka. "Wewe na baba yako mnapenda kuongea."

Alisema kama mzaha. Hakutaka kuniumiza, ninamjua. Nikamwambia, na nilikuwa nimeliweka tumboni miaka yote hiyo: "Mama, ni mimi nilizichukua kwa Mama Amoit. Nilidhani unatuacha."

Vidole vyake vilisimama ndani ya maharagwe. Vikaendelea.

"Ulikuwa mtoto," akasema. Akanigusa goti kwa mkono wenye vumbi. "Hayo yaliisha. Nilikusamehe zamani, hata Malaba hatujatoka."

Nililia, sioni aibu kusema. Nililia kama mtu aliyeshushiwa mzigo, naye akaniacha nilie. Nilipomaliza nilipangusa uso, nikasogea karibu yake, nikamwuliza, sasa kwa sauti ya chini, sisi wawili tu:

"Daktari alisema nini?"

Alichagua haragwe moja bovu, akalitupa kwa kuku.

"Alisema niko sawa," akasema.

Nikamwangalia usoni. Sikuweza kujua kama ni kweli.